Barua ya Bi Foleni na Pacha Wake

Dukani walimwita Bi Foleni, na jina hilo alilipata kwa haki. Foleni ya kaunta ikifika mtu wa tano, popote alipokuwa, stoo au nyuma ya rafu za sabuni, alitokeza kichwa na kusema bila kupaza sauti, "Fungueni ya pili." Wenzake walidai ana sikio la tatu kisogoni. Hakuwa nalo. Alikuwa na tabia ya kutazama, ambayo haifundishwi kwenye semina na kwa hiyo haina cheti.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mume fundi friji, mama mkwe mwenye maneno, na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Aliingia dukani akiwa keshia. Msimamizi wa duka alipohamishiwa tawi jingine, Meneja alimwambia akaimu nafasi hiyo "kwa wiki mbili tatu hivi, tukitafuta mtu." Ikapita miezi kumi na minne. Kukaimu ni uvumbuzi wa watu wanaotaka kazi ifanyike bila mtu kupewa cheo. Anayekaimu hulaumiwa kama bosi na kulipwa kama keshia, na akilalamika huambiwa kwamba anapata uzoefu.

Hatimaye tangazo likabandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi, kando ya mlango wa choo, mahali ambapo hakuna anayeweza kusema hakuliona. Makao makuu yalitaka msimamizi wa kudumu. Mwombaji aandike barua iliyopigwa chapa, isiyozidi ukurasa mmoja, akionyesha kwa takwimu jinsi alivyodhibiti stoku, alivyopanga zamu za wafanyakazi na alivyofuatilia malengo ya mauzo. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na mchwa, paliandikwa kwamba anayekaimu, asipochaguliwa, atarudi kwenye nafasi yake ya awali baada ya kumfundisha kazi atakayechaguliwa.

"Umeisoma hiyo ya chini?" aliuliza keshia wa kaunta ya kwanza, mwanamke mwenye ulimi usio na breki. "Umfundishe, kisha akutume ukamletee chai."

"Nimeisoma."

"Na unajua ni nani wanayemtaka."

Kila mtu alijua. Miezi minne kabla, Meneja alikuwa amemleta mtoto wa dada yake kuja "kujifunza biashara". Kijana alikuwa na viatu vilivyochongoka na simu mbili, na jina lake halikupata nafasi ya kutumika, kwa sababu duka zima lilimwita Mpwa. Yeye alidhani wanamwita hivyo kwa mapenzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana, na huo ni ulemavu unaowapata watoto wa watu wengi wenye vyeo.

Bi Foleni aliwahi kuomba nafasi kama hiyo katika tawi jingine, miaka mitatu nyuma. Barua yake ya wakati ule ilijaa "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Hakuitwa hata kwenye usaili. Baadaye alijicheka mwenyewe: kazi ni ya kusimamia, na kila anayeiomba anaanza kwa kujigamba kwamba kwake yeye kazi hiyo haina maana.

Safari hii alikaa mezani nyumbani baada ya kumlaza mtoto, mbele yake daftari na ratiba za zamu za mwaka mzima. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele upande wa pili wa meza.

"Unaandika nini mwanangu, wosia?"

"Barua ya kazi, mama. Wanataka nieleze nilichofanya."

"Ujisifu mwenyewe? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mama, mimi niko dukani mwaka wa tisa. Hata hicho kizuri, ukikiweka rafu ya chini nyuma ya ndoo, kinaozea huko huko."

Mumewe, aliyekuwa akifungua mota ya friji ya mtu sakafuni, alicheka. "Mama, hapo umeshindwa."

"Sijashindwa," alisema mama mkwe. "Nimenyamaza. Ni vitu viwili."

"Kuna miezi sikufikia lengo," Bi Foleni alimwambia mumewe. "Niiandike?"

"Nani anaandika kosa lake kwenye barua ya kuomba kazi, mama watoto? Hata mimi simwambii mteja friji zilizonishinda."

"Ndiyo maana wanarudi na panga."

Akaandika. Kesho yake, wakati wa mapumziko, aliipeleka barua kwenye kibanda cha kuchapa kilicho mkabala na duka. Mwenye kibanda aliitwa Profesa. Alikuwa ameandika barua za kazi za mtaa mzima, na wengi walikuwa bado hawana kazi, jambo ambalo halikumpunguzia heshima hata kidogo. Aliisoma ile ya Bi Foleni mara moja akavua miwani kwa huzuni.

"Dada yangu, hii ni barua au ripoti ya ghala? Haina hata 'husika na kichwa cha habari hapo juu'. Hujasema wewe ni mchapakazi. Watajuaje?"

"Watasoma."

"Hapa umeandika 'nilihesabu'. Weka 'niliongoza zoezi la tathmini'."

"Nilihesabu, Profesa. Kwa kidole."

"Na hapa umekiri kosa. Dada, hili nalifuta kwa hisani yangu."

"Ukilifuta naichukua barua yangu."

Profesa aliichapa kama ilivyo, akihema kama mtu anayelazimishwa kuzika mtu angali hai. Ilitoka hivi:

"YAH: OMBI LA KAZI YA MSIMAMIZI WA DUKA

Naomba nafasi iliyotajwa. Nimeikaimu kwa miezi kumi na minne, ambayo mitatu kati yake nilikuwa likizo ya uzazi.

Stoku: Zamani tulihesabu bidhaa mara moja kwa mwaka. Sasa kila Jumatatu nahesabu kundi moja la bidhaa na kulinganisha na kitabu, ili tofauti itafutwe ikiwa bado mbichi. Bidhaa inayokaribia kuisha muda hukaa mbele ya rafu. Upotevu umeshuka kutoka asilimia tatu ya mauzo hadi asilimia moja na nusu.

Zamu: Nilihesabu risiti za kila saa kwa wiki nne. Karibu nusu hutoka baada ya saa kumi jioni, lakini kati ya wafanyakazi kumi wa siku, saba walikuwa zamu ya asubuhi. Sasa wanne huingia asubuhi na sita jioni. Kila mmoja kati ya wafanyakazi kumi na wawili ana siku moja ya mapumziko kwa wiki, na ratiba hubandikwa wiki mbili kabla.

Mauzo: Lengo la mwezi naligawa kwa siku na kwa idara, na kila asubuhi tunajua tulipo. Katika miezi kumi na mmoja tulilifikia mara nane. Mwezi mmoja barabara ya mbele ilifungwa. Miezi miwili kosa lilikuwa langu: niliagiza sukari kidogo, rafu ikakaa tupu siku kumi na moja zilizoangukia mwisho wa mwezi mmoja na mwanzo wa mwingine.

Niko tayari kuulizwa lolote kati ya haya."

Alitia sahihi, akaikunja, akaipeleka. Nakala ikabaki ndani ya kompyuta ya Profesa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda.

Siku mbili baadaye Mpwa naye aliingia kibandani, simu moja sikioni na nyingine mkononi. "Profesa, niandikie barua kali ya kazi ya msimamizi. Unajua wanachotaka. Nitaipitia jioni." Profesa alifikiria kazi ya kutunga takwimu upya, akafikiria foleni iliyokuwa nje, kisha akaifungua ile iliyokwisha kuwemo. Alibadilisha jina na namba ya simu. Juu aliongeza "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na chini "Mimi ni mchapakazi ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa", maana alikuwa fundi mwenye dhamira na asingetoa kazi nusu. Jioni Mpwa aliipitia kwa maana ya kuipitia kibandani. Alitia sahihi juu ya kaunta akampelekea mjomba wake, naye mjomba akaiweka juu kabisa ya faili bila kuisoma, kwa sababu alijua imeandikwa na nani.

Siku ya usaili, Meneja wa Kanda alifika mapema kuliko alivyotarajiwa. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea, na kabla ya kusalimia alikuwa ameshapita katikati ya rafu na kugeuza makopo matatu kuangalia tarehe. Aliketi ofisi ya nyuma, kati ya makatoni, pamoja na Afisa Utumishi kutoka makao makuu na Meneja wa duka mwenye tai mpya. Barua zilikuwa nne. Mbili ziliwekwa pembeni haraka: waandishi wake walikuwa waaminifu, wachapakazi na wenye ari, na hakuna popote walipotaja hata kiberiti kimoja walichowahi kukihesabu.

"Zimebaki mbili," alisema Afisa Utumishi, kijana aliyekuwa anasoma kwa kidole. Akasoma moja, akasoma nyingine, kidole kikasimama. "Mama, hizi ni pacha."

Meneja wa Kanda akazichukua. Alizisoma kimya, moja mkono wa kushoto na moja wa kulia. Kisha akaagiza waombaji wote wawili waitwe kwa pamoja.

Bi Foleni aliingia akiwa na aproni ya kazi, kwa kuwa alikuwa zamu. Mpwa aliingia akiwa na koti. Waliketi juu ya viti viwili vya plastiki.

"Kijana," Meneja wa Kanda alianza kwa upole, "hongera sana."

"Asante mama," alisema Mpwa, akimtupia mjomba wake jicho la ushindi.

"Mtoto ni wa kike au wa kiume?"

Mpwa akakohoa. "Mtoto gani, mama?"

"Umeandika hapa kwamba ulikuwa likizo ya uzazi miezi mitatu. Nikasema nikuulize hali."

Afisa Utumishi aliinama kuokota kalamu ambayo haikuanguka. Nje, ambapo keshia wa kaunta ya kwanza alikuwa amekumbwa ghafla na haja ya kupanga makatoni karibu na mlango, kulisikika kikohozi kirefu.

Meneja wa duka alikuwa mtu mwepesi. Hakujaribu kumtetea mpwa wake. Alijaribu jambo baya zaidi, yaani kuufanya uongo wa mmoja uwe aibu ya wote. "Mama, hili ni tatizo la yule mchapaji pale ng'ambo. Anazichanganya barua za watu. Sasa hatuwezi kujua maneno haya ni ya nani. Kwa haki, mimi naona zote mbili zifutwe, tutangaze upya. Bi Foleni aendelee kukaimu kwa muda."

Hilo Bi Foleni alikuwa hajalitegemea. Kushindwa alishakuzoea. Lakini kurudishwa tena kwenye kukaimu, kwa kosa la kuibiwa, na hilo lifanywe kwa jina la haki, hapo alishika ukingo wa kiti. Kuna watu wakikuta mwizi na mwenye mali wanavutana huwaamuru wote wawili waachie, kisha hujiita wasuluhishi.

"Barua yangu iliyoandikwa kwa mkono ninayo," alisema.

"Na mwenzako anaweza kwenda kuandika yake kwa mkono leo mchana," alijibu Meneja.

"Kweli kabisa," Meneja wa Kanda alikubali, na Bi Foleni akaona giza. "Karatasi haitatusaidia. Ila barua zote mbili zinasema mwandishi yuko tayari kuulizwa lolote. Basi tuulize." Akamgeukia Mpwa. "Wafanyakazi kumi na wawili. Kila mmoja anapumzika siku moja kwa wiki, na duka hufunguliwa siku zote saba. Unawapangaje?"

Mpwa alitazama dari. "Rahisi tu, mama. Wote wapumzike Jumapili."

"Jumapili nani anafungua?"

"Jumapili..." Alifikiri. "Mlinzi yupo."

Kikohozi cha nje kilirudi, safari hii kikiwa na machozi.

"Na wewe mama?"

"Jumamosi hakuna anayepumzika," alisema Bi Foleni. "Ndiyo siku yetu kubwa, wote kumi na wawili wanahitajika. Zinabaki siku sita. Kila siku wanapumzika wawili, siku sita, kumi na wawili wote wameshapata. Ndiyo maana siku za kawaida tuko kumi, wanne asubuhi na sita jioni. Siku za mapumziko nazizungusha kila mwezi, ili Jumapili isiwe ya watu wale wale."

Meneja wa Kanda alihesabu kwa vidole chini ya meza, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa sukari. Kijana, kwa nini uliagiza kidogo?"

"Bei ilikuwa juu, mama."

"Mama, wewe?"

Hapa palikuwa na fedheha ya kweli ya Bi Foleni, na haikuwa tamu kuitoa mbele ya Meneja. "Niliangalia mauzo ya mwezi uliotangulia nikaagiza kiasi kile kile. Nikasahau kwamba mwezi ule sukari ilikuwa imetuishia siku tisa. Kwa hiyo kitabu kilionyesha tumeuza kidogo, na mimi nikadhani watu wanataka kidogo. Kumbe walitaka, ila hakukuwa na cha kununua. Siku hizi nikiagiza naandika pia siku ambazo rafu ilikuwa tupu."

Meneja wa Kanda alitoa kalamu, na badala ya kuandika kwenye fomu ya usaili, aliandika jambo kwenye daftari lake mwenyewe.

"Matawi saba ninayasimamia," alisema, "na katika yote saba naletewa maagizo ya namna hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kuniambia kosa liko wapi. Meneja, ulilijua hili?"

Meneja alirekebisha tai. "Tulikuwa tunalifanyia kazi, mama."

"Nani alikuwa analifanyia?"

Alimwonyesha Bi Foleni kwa kidevu, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

Barua ya ajira ilikuja baada ya wiki moja. Makao makuu yalimteua Bi Foleni kuwa Msimamizi wa Duka, kwa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, ili waone kama ataimudu kazi aliyokuwa ameifanya kwa miezi kumi na minne. Hakubishana. Mama mkwe aliisoma mara mbili akasema, "Haya, kizuri kimejiuza," na safari hii ilikuwa zamu ya Bi Foleni kunyamaza bila kushindwa. Profesa naye aliposikia kwamba barua imeleta kazi, alibandika nje ya kibanda tangazo jipya: hapa zinaandikwa barua zenye makosa ya kweli. Biashara ilimwendea vizuri. Watu wengi hupenda ukweli ukishachapwa tayari.

Mpwa hakufukuzwa. Mjomba wake alimtaka ahamishwe tawi jingine, mbali na kicheko, lakini Meneja wa Kanda alikataa. Alisema aliyekuja kujifunza biashara ajifunze hapo hapo, chini ya msimamizi. Kwa siku tatu kijana alikuja na kuondoka bila kumtazama mtu. Keshia wa kaunta ya kwanza alimwuliza kila asubuhi kama mtoto amelala vizuri, mpaka Bi Foleni alipomwita pembeni.

"Inatosha."

"Dada, si utani tu? Mbona mwenyewe aliandika."

"Alitia sahihi asichosoma. Hata wewe kila wiki unatia sahihi hesabu ya droo yako bila kuisoma. Nimekuona."

Keshia akafunga mdomo, na ulimi ukapata breki kwa wiki nzima.

Jumatatu, Bi Foleni alimpa Mpwa daftari na kumpeleka kwenye rafu ya sabuni za kufulia. Alikuwa ameacha koti nyumbani. Walianza mwanzo wa rafu, yeye akihesabu na Bi Foleni akisimama nyuma yake bila kusema neno. Alihesabu vipande vya sabuni ya bluu, akarudia, kisha akafunua kitabu, na Bi Foleni akaona bega lake likitulia kama la mtu aliyepata jibu kwenye karatasi ya jirani.

"Arobaini na nane, dada," alisema, kalamu tayari.

"Umeviona arobaini na nane?"

Kijana alitazama rafu, akatazama kitabu. "Nimeviona arobaini na sita. Lakini kitabu kinasema..."

"Kitabu sijakuuliza."

"Nikiandika arobaini na sita itaonekana vimepotea mkononi mwangu."

"Itaonekana vimepotea. Mkononi mwa nani, hatujui bado. Ukiandika arobaini na nane hatutajua milele, na mwezi ujao vitakuwa vinne."

Mpwa alisimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuandika tarakimu mbili. Mteja mmoja alipita katikati yao akachukua kipande kimoja, na Bi Foleni akamwambia kijana asikipunguze kwenye hesabu, kwa kuwa kilikuwepo alipohesabu. Hatimaye aliandika arobaini na sita, akatia sahihi pembeni baada ya kuisoma, wakapiga magoti wote wawili sakafuni kutafuta viwili nyuma ya rafu.